Barua ya Ofisi, Jina la Karani: Mstari wa "Kwa Niaba Ya" na Setingi Iliyo Nyuma Yake

Mnunuzi wa mchele aliyeko Iringa hakuwa na ugomvi na bei. Profoma aliyoipokea kutoka ghala moja la Soweto, hapa Mbeya, ilikuwa na tani tano za mchele wa Kyela, nauli ya lori, na namba ya akaunti ya benki ambayo alishailipia mara nyingi. Kilichomzuia mhasibu wake kulipa ni mstari mmoja juu ya barua pepe. Siku zote barua za ghala hilo zilikuja na jina la ghala peke yake. Safari hii, baada ya jina la ghala kulikuwa na maneno "sent by", kisha anwani binafsi ya mtu asiyemfahamu, yenye jina la utani na tarakimu mwishoni. Mhasibu akapiga simu ghalani, haikupokelewa. Akaiweka profoma pembeni, na lori likaondoka Soweto bila mzigo wa Iringa.

Mhasibu huyo alifanya sawasawa. Matapeli wanaoingilia mazungumzo ya biashara na kutuma barua pepe zinazofanana na za muuzaji wapo, na dalili ya kwanza ya kuwatambua ni hiyohiyo: anwani ngeni kando ya jina unalolijua. Mtu anayelipa mamilioni kwa muuzaji aliye zaidi ya kilometa 300 ana haki ya kusita anapoiona.

Ghalani nako hakukuwa na hila. Kwa miaka mingi ofisi ile ilikuwa na akaunti moja ya Gmail, na neno la siri likizunguka kwenye WhatsApp kati ya mwenye ghala na makarani wawili. Wiki ile mwenye ghala alikuwa ameamua kuacha mtindo huo. Aliwapa makarani ruhusa ya kuingia kwenye akaunti ya ghala, kila mmoja kupitia akaunti yake mwenyewe, kisha akabadilisha neno la siri. Ni uamuzi mzuri na ningemshauri yeyote aufanye. Tatizo ni setingi moja iliyobaki kwenye chaguo ambalo humwonyesha mpokeaji majina yote mawili, la ofisi na la karani.

Makala hii ni kwa wenye ofisi kama hiyo: ghala, gereji, nyumba ya wageni, wakala wa mizigo ya Tunduma, mahali popote ambapo watu wawili au watatu wanaandika kutoka anwani moja. Nitaeleza maneno hayo yanatoka wapi, namna ya kuyaondoa, na ni wakati gani ni heri kuyaacha.

Barua pepe ina nafasi mbili za kumtaja mtumaji. Ya kwanza ni From, nayo hutaja mwenye barua, yule ambaye maneno ni yake. Ya pili ni Sender, nayo hutaja mtu aliyeituma kwa mkono wake. Kanuni za kimataifa za barua pepe, kuanzia RFC 822 ya mwaka 1982 hadi RFC 5322 ya mwaka 2008 inayotumika leo, zinatoa mfano wa ofisini: katibu muhtasi akituma barua ya bosi wake, anwani ya bosi hukaa kwenye From na ya katibu kwenye Sender. Mwandishi na mtumaji wakiwa mtu mmoja, Sender haina kazi na haitakiwi kuwekwa.

Aliyewahi kupokea barua ya halmashauri ameshaona jambo hilo kwenye karatasi. Mkurugenzi akiwa safarini, ofisa mwingine husaini na kuandika "Kny" mbele ya cheo cha mkurugenzi. Barua inabaki ya mkurugenzi, saini ni ya ofisa, na msomaji anaviona vyote viwili. Sender ndiyo Kny ya barua pepe. Tofauti ni kwamba kwenye karatasi ofisa huandika Kny mwenyewe, ilhali kwenye barua pepe huandikwa na mfumo kulingana na ruhusa uliyopewa, na karani anaweza kutuma mwezi mzima bila kujua kwamba ipo. Kwenye nakala iliyobaki kwake mara nyingi haonekani mwingine ila ofisi.

Kwa sababu hiyo, kubadilisha jina la kuonyesha au saini ya chini hakusaidii. Maneno yenyewe huchaguliwa na programu ya mpokeaji. Outlook ikikuta Sender ambayo si sawa na From huandika anwani ya karani, kisha "on behalf of", kisha anwani ya ofisi. Gmail, kwa akaunti iliyokabidhiwa kwa watu wengine, huandika jina la ofisi kisha "sent by" na anwani ya karani. Wateja wawili wakikueleza wanachokiona kwa maneno tofauti, usidhani mmoja amekosea kusoma. Huenda wanatumia programu mbili.

Kabla ya kugusa setingi yoyote, itazame barua yenyewe ilivyofika. Mwombe mpokeaji, au jitumie kwenye anwani yako nyingine. Katika Gmail kwenye kompyuta, fungua barua, bonyeza vidoti vitatu vilivyo karibu na mshale wa kujibu, uchague "Show original". Katika Outlook ya Windows ya muundo wa zamani, fungua barua kwenye dirisha lake, nenda "File", kisha "Properties", utazame kisanduku cha "Internet headers". Utakutana na mistari mingi ya seva. Iruke yote utafute hii mitatu. Nimeweka example.com mahali pa anwani za kweli:

```
From: Ghala la Mchele <ghala@example.com>
Sender: karani@example.com
Reply-To: ghala@example.com
```

Huenda Reply-To isiwepo, na hilo si kosa. Ikiwepo, majibu huenda kwake. Isipokuwepo, majibu huenda kwa From. Hayaendi kwa Sender. Nasisitiza hili kwa sababu ndiyo hofu ninayoisikia zaidi kwa wenye ofisi, kwamba mteja akibonyeza kujibu, oda itaangukia kwa karani. Haitaangukia huko. Hatari halisi ni ndogo zaidi lakini ipo: mteja anaiona anwani ya karani juu ya barua, anainakili kwenye daftari lake au kwenye simu, na mwezi ujao anaandika barua mpya moja kwa moja kwa karani. Karani huyo akiwa ameshahamia Njombe, oda ile inakaa mahali ambapo ofisi haitaiona.

Sasa turudi kwenye akaunti ya ghala. Kazi hii hufanywa na mwenye akaunti, si karani, na hufanywa kwenye brauza ya kompyuta. Ukiitafuta kwenye programu ya Gmail ya simu utapoteza muda. Mwenye akaunti anafungua Gmail, anabonyeza alama ya gia, kisha "See all settings", kisha ukurasa wa "Accounts and Import". Kwenye akaunti za kazi ukurasa huo huitwa "Accounts" tu. Humo kuna sehemu iitwayo "Grant access to your account". Hapo ndipo makarani huongezwa kwa "Add another account". Karani hupokea barua ya kuthibitisha, na asipoibonyeza ndani ya wiki moja mwaliko unakufa na inabidi uanze upya. Akishakubali, inaweza kuchukua hadi siku nzima kabla akaunti ya ghala haijaonekana kwake, kwa hiyo usimlaumu mtu asubuhi ile ile.

Katika sehemu hiyohiyo, chini ya majina ya makarani, kuna chaguo mbili kuhusu mtumaji. Ya kwanza ni "Show this address and the person who sent it", na ya pili ni "Show this address only". Hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa inatafutwa na ghala la Soweto. Ukiichagua, teremka hadi chini ya ukurasa. Kukiwa na kitufe cha "Save Changes" kinachowaka, kibonyeze. Barua zitakazotumwa kuanzia hapo zitabeba anwani ya ofisi peke yake. Zilizokwisha kutumwa hazibadiliki. Mhasibu wa Iringa ataendelea kuiona ile ya kwanza jinsi ilivyofika kwake, ndiyo maana ghala lilimtumia profoma mpya badala ya kumwomba aifungue tena ya zamani. Na kabla ya hapo walimpigia simu kwa namba aliyokuwa nayo tangu zamani, wakamweleza kilichotokea. Maelezo kama hayo yakija kwa barua pepe yenye mashaka huongeza mashaka.

Ikiwa ofisi inalipia Gmail ya kazi kwa anwani yenye jina lake, sehemu hiyo ya kukabidhi inaweza isionekane kabisa. Maana yake msimamizi wa akaunti hajaifungulia. Yeye huingia kwenye ukurasa wa usimamizi, "Apps", "Google Workspace", "Gmail", "User settings", na humo kuna "Mail delegation". Yeye ndiye pia mwenye uwezo wa kuamua kuhusu jina la karani kwa ofisi nzima, ili kila mtu asichague lake. Ofisi ikiwa na watu zaidi ya watatu au wanne napendelea aamue yeye, kwa sababu mteja anayepokea barua ya asubuhi kwa sura moja na ya jioni kwa sura nyingine anarudi kwenye mashaka yaleyale.

Ukishaficha jina la karani kwa mpokeaji, kuna kitu umekipoteza. Mteja akipiga simu kuuliza nani alimwahidi lori la Jumatano, barua yenyewe haisemi. Nafuu yake ni saini ya chini. Gmail inaruhusu akaunti moja kuwa na saini kadhaa. Mwenye akaunti aandae saini moja kwa kila karani, ikiwa na jina lake, kazi yake na namba ya simu ya ofisi, si ya mkononi mwake. Karani anapoandika barua, anabonyeza alama ya kalamu chini ya dirisha na kuchagua yake. Hapo mteja anajua anaongea na nani, lakini anwani iliyo juu ni moja na haibadiliki. Kwa oda, profoma na risiti, huu ndio mpangilio ninaoutetea.

Jaribu kabla ya kurudi kazini. Karani atume barua moja kutoka akaunti ya ghala kwenda kwa mtu mwenye Gmail, na nyingine kwa mtu anayetumia Outlook. Wapige picha sehemu ya juu ya barua wakutumie. Jaribio la programu moja tu halitoshi, kwa kuwa tumeshaona kila moja ina maneno yake.

Kuna mstari mwingine unaochanganywa na huu, na dawa yake ni tofauti kabisa. Ni pale Gmail inapoandika jina la ofisi na kufuatiwa na "via" na jina la kikoa kingine. Hapo hakuna karani anayetajwa. Gmail inamwambia mpokeaji kwamba barua inadai kutoka kikoa kimoja lakini imepitia kwa seva za kikoa kingine. Setingi ya kukabidhi akaunti haina la kufanya hapo. Tatizo liko kwenye njia ambayo barua imepita.

Njia hiyo huharibika zaidi kwenye biashara zilizonunua kikoa cha .co.tz. Ofisi inapata anwani nzuri, tuseme oda@example.com, lakini makarani wameshaizoea Gmail na hawataki ukurasa mwingine wa barua. Basi anwani ya ofisi huongezwa ndani ya Gmail ya karani, kwenye ukurasa uleule wa "Accounts and Import", sehemu ya "Send mail as". Zamani Gmail ilikuwa inaituma barua ya namna hiyo kupitia seva zake yenyewe na kuweka anwani ya Gmail ya karani kwenye Sender, na wenye Outlook wakawa wanaona "on behalf of". Mwaka 2009 ndipo ilipoanza kuruhusu barua itoke kupitia seva ya kikoa chenyewe. Akaunti zilizopangwa siku nyingi zinaweza kuwa bado kwenye mtindo wa zamani. Ni kitu cha kwanza ninachokagua ofisi ikilalamika kwamba jina la karani lilianza kuonekana kwa wateja bila mtu kugusa chochote. Kwa kawaida halikuanza. Kilichobadilika ni kwamba mteja mmoja ameanza kutumia Outlook.

Kukagua ni rahisi. Kwenye orodha ya "Send mail as", chini ya anwani ya ofisi, tafuta maneno "Mail is sent through". Yakifuatiwa na seva ya kikoa chako, njia ni sahihi. Yasipokuwepo, bonyeza "edit info" na uweke seva ya kutuma barua uliyopewa na kampuni inayokuhifadhia kikoa. Mara nyingi jina lake huanza na mail. likifuatiwa na kikoa chako. Jina la mtumiaji ni anwani kamili ya ofisi, si sehemu iliyo kabla ya @ peke yake, na hapa ndipo watu wengi hukwama. Mlango ni 465 ukichagua SSL, au 587 ukichagua TLS. Gmail itatuma namba ya kuthibitisha kwenye anwani ya ofisi. Ukiiingiza, Sender na "via" kwa kawaida hutoweka pamoja, mradi kikoa chenyewe kina rekodi za SPF na DKIM. Hizo zinawekwa na kampuni inayokuhifadhia kikoa, nawe una haki ya kuwauliza kama zipo.

Njia hii ina udhaifu wake: ili kuikamilisha, karani lazima apewe neno la siri la anwani ya ofisi, au mwenye ofisi aketi kwenye kompyuta ya karani aliandike mwenyewe. Akiondoka, lazima libadilishwe, na kila karani aliyebaki aingiziwe jipya.

Tena ina mtego mdogo unaosumbua kuliko mstari wenyewe. Oda ikiingia kwa anwani ya ofisi na karani akabonyeza kujibu, Gmail inaweza kutuma jibu kwa anwani yake binafsi. Hapo hakuna "on behalf of", hakuna "sent by". Kuna barua ya mtu binafsi tu, na mteja anaijibu hukohuko. Kwenye sehemu hiyohiyo ya "Send mail as" kuna kauli "When replying to a message". Chagua "Reply from the same address the message was sent to". Nimeona ofisi zilizohangaika na mstari wa juu kwa wiki kadhaa huku nusu ya majibu yao yanatoka kwa anwani binafsi.

Kwa ofisi zinazotumia Microsoft 365 mambo yana majina mengine. Huko anwani ya pamoja huitwa shared mailbox. Haihitaji leseni yake yenyewe ikiwa haijazidi GB 50, na hakuna anayeingia kwa neno la siri la kisanduku hicho. Kila mtu hutumia lake. Ruhusa zake ni tatu na hazifungamani. "Read and manage" humwezesha karani kusoma na kupanga barua, lakini haimpi uwezo wa kutuma hata moja. "Send as" humwezesha kutuma kama ofisi yenyewe, bila jina lake kuonekana. "Send on behalf" humwezesha kutuma kwa niaba, na jina lake linaonekana. Mtu akipewa mbili za mwisho kwa pamoja, inayofanya kazi ni "Send as".

Kwa hiyo ukiona "on behalf of" kwenye barua za ofisi yenye Microsoft 365, swali la kwanza ni dogo: karani huyu ana "Send as" au hana? Msimamizi anaingia kwenye ukurasa wa usimamizi, "Teams & groups", "Shared mailboxes", anafungua kisanduku husika na kutazama ruhusa. Anayezoea kuandika amri anaweza kuitoa hivi:

```
Add-RecipientPermission ghala@example.com -Trustee karani@example.com -AccessRights SendAs
```

Kisha asubiri. Mabadiliko haya yanaweza kuchukua hadi saa moja kufanya kazi, na ndani ya saa hiyo barua zinaweza kukataliwa au kutoka na maneno yaleyale. Wengi huwa na haraka, wanaongeza ruhusa nyingine juu ya ile, kisha hawajui tena ipi imefanya kazi.

Saa ikipita na maneno bado yapo, chanzo mara nyingi ni kumbukumbu ya Outlook ya karani mwenyewe. Kwenye dirisha la barua mpya kuna kitufe cha "From". Outlook inakumbuka anwani iliyotumika hapo mwanzo pamoja na namna ilivyotumika. Fungua orodha hiyo, ifute ile ya ofisi kwa alama ya x, kisha chagua "Other email address" na uichukue ofisi upya kutoka kwenye kitabu cha anwani badala ya kuiandika kwa mkono. Dawa hiyo ni ya dakika moja, nami naijaribu kabla ya kumrudia msimamizi.

Kuna jambo la kufuatilia baada ya hapo. Microsoft 365 kwa kawaida huweka nakala ya barua iliyotumwa kwenye kisanduku cha karani, si cha ofisi. Karani wa pili haoni kwamba profoma imekwisha kwenda, naye anatuma ya kwake, labda kwa bei tofauti. Msimamizi anaweza kuamuru nakala ibaki pia kwenye kisanduku cha pamoja:

```
Set-Mailbox ghala@example.com -MessageCopyForSentAsEnabled $true
```

Hiyo ni kwa barua za "Send as". Kwa barua za kwa niaba kuna ya kwake, `MessageCopyForSendOnBehalfEnabled`. Kuwasha moja hakuwashi nyingine, basi ofisi inayotumia zote mbili iwashe zote mbili.

Nimezungumza kana kwamba maneno haya ni uchafu wa kufutwa. Sivyo. Kuna barua ambazo ningekataa kuyaondoa hata nikiombwa. Katibu muhtasi anapotuma barua kutoka anwani ya mkurugenzi, anwani yenye jina la mtu, basi aonekane. Anwani ya ghala au ya oda ni mlango wa ofisi na hakuna anayedhani nyuma yake yupo mtu mmoja. Anwani yenye jina la mtu humfanya msomaji aamini kwamba mtu huyo ndiye aliyeandika. Katibu akiificha nafasi yake hapo, siku mkurugenzi akisema hakuahidi, hakuna mstari wa kumtetea yeyote. Kwa anwani ya mtu, chagua "Send on behalf". Kwa anwani ya kazi, chagua "Send as". Nimeitumia kanuni hiyo kwenye ofisi ndogo na kubwa, na haijawahi kuniangusha.

Mhasibu wa ofisi ni wa katikati. Barua inayotaja kubadilika kwa namba ya akaunti ya benki ni bora ionyeshe nani ameituma, hata ikitoka anwani ya ofisi, na mteja aambiwe mapema kwamba barua ya namna hiyo itakuja na jina la mhasibu fulani na itafuatiwa na simu. Gmail haikuruhusu kuchagua barua kwa barua. Chaguo la kuonyesha au kuficha ni la akaunti nzima. Suluhisho ni kumpa mhasibu anwani yake mwenyewe kwenye kikoa cha ofisi na kuandika mambo ya benki kutoka humo tu.

Njia moja naikataa moja kwa moja, nayo ndiyo inayopendekezwa haraka zaidi na vijana wa kutengeneza simu: kuingiza anwani ya ofisi kama jina la mtumaji kwenye programu ya barua ya simu, huku barua ikipita kwa seva isiyohusika. Kwenye kioo cha karani inaonekana sawa. Lakini seva ya mpokeaji hulinganisha kikoa cha From na njia barua iliyopitia, na tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti ya kuthibitisha barua kwa kila mtumaji. Profoma ya namna hiyo huishia kwenye taka, au hairudi wala kufika. Dalili yake ni mteja wa Gmail kusema hajapata kitu wakati mteja wa huduma nyingine amepata.

Na karani anapoacha kazi, mwondoe siku hiyohiyo. Katika Gmail, ukurasa uleule wa "Grant access to your account" una neno "delete" mbele ya kila jina. Katika Microsoft 365, msimamizi anaondoa ruhusa zote tatu, siyo ya kusoma peke yake, kwa sababu aliyeondolewa ya kusoma bado anaweza kubaki na ya kutuma. Ikiwa anwani yake iliwahi kuonekana kwa wateja kwa "sent by" au "on behalf of", waandikie wale aliowahudumia kutoka anwani ya ofisi, uwaambie oda zote sasa ziende wapi, na kwamba anwani ile nyingine si ya ofisi tena.